"Imeharibiwa na" au "imeharibika"? Kuchagua kati ya kutendwa na kutendeka

Mzee mmoja kutoka upande wa Hombolo alikuja na barua kwenye kibanda changu cha kuchapa, karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma. Alikuwa ameiandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, na alitaka niichape ilivyo, nisiongeze wala nisipunguze. Nikamwamkia kwa "Mbukwa, mzee," akacheka kidogo, maana Kigogo changu ni cha kuombea maji, kisha akakaa kwenye benchi kusubiri. Barua ilikuwa hii:

> Ndugu Mtendaji wa Kijiji, nakuarifu kwamba usiku wa kuamkia Jumapili mizabibu yangu imeharibika na ng'ombe wa jirani yangu. Nguzo nne zimevunjika na waya umekatika. Zabibu zimelika. Naomba nilipwe.

"Mzee," nikamuuliza, "kwani ng'ombe wa jirani nao wameharibika?"

"Wameharibikaje, mwanangu? Wamenona kwa zabibu zangu!"

Hapo ndipo ilipo tofauti ninayotaka kuieleza. Alichokusudia mzee kilikuwa wazi kichwani mwake, na msikilizaji mwenye nia njema angemwelewa. Lakini barua ya madai haisomwi na wenye nia njema peke yao. Kwa maneno aliyoyaandika, sentensi ya kwanza inaweza kusomwa kwamba mizabibu imeharibika, na ng'ombe pia wameharibika. Hakuna neno hata moja ndani yake linalosema ng'ombe walifanya jambo. Kosa lote limo kwenye silabi moja: ameandika *-ik-* mahali palipohitaji *-iw-*.

Kiambishi kimoja kina nafasi ya mtendaji, kingine hakina

Shuleni tulifundishwa kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka kama safu mbili za jedwali la mnyambuliko: *vunja, vunjwa, vunjika*; *haribu, haribiwa, haribika*. Tukazikariri, tukafaulu mtihani. Jedwali halikutuambia kwamba safu hizi mbili zinasimulia tukio kwa namna mbili tofauti.

Ukisema *nguzo imevunjwa*, umekiri kwamba yupo aliyeivunja. Huenda humjui, huenda hutaki kumtaja, lakini nafasi yake imo ndani ya kitenzi chenyewe, na ukitaka kumweka hapo unatumia *na*: *nguzo imevunjwa na ng'ombe*. Ukisema *nguzo imevunjika*, unaeleza hali iliyoipata nguzo. Sasa ni vipande, basi. Aliyeivunja hakukanushwa, ila kitenzi hakikumwekea kiti. Ndiyo maana ukibandika *na ng'ombe* baada ya *imevunjika*, hiyo *na* inakosa mtu wa kumtambulisha na kurudi kwenye kazi yake nyingine ya kuunganisha vitu viwili. *Meza imevunjika na kiti* maana yake vyote viwili vimevunjika. Kwa mantiki hiyohiyo mizabibu ya mzee iliharibika pamoja na ng'ombe wa watu.

Kwa hiyo mwandishi hachagui kati ya njia mbili, bali tatu. Anaweza kusema *imevunjwa na fulani*, akamtaja mtendaji. Anaweza kusema *imevunjwa* na kuishia hapo, akadai kwamba yupo aliyefanya bila kumtaja. Au anaweza kusema *imevunjika*, akaeleza hali na kuliacha suala la mtendaji nje kabisa. Hiyo njia ya katikati ndiyo watu huisahau, ilhali kwenye barua za malalamiko ndiyo yenye manufaa zaidi pale unapojua jambo lilifanywa ila hukumwona aliyelifanya.

Ukipata shaka kitenzi chako kiko upande gani, kijaribu kwa maneno mawili. La kwanza ni *-enyewe*. *Kamba imekatika yenyewe* inakubalika bila shida, lakini *kamba imekatwa yenyewe* inagoma mdomoni. La pili ni *kwa makusudi*. *Kamba imekatwa kwa makusudi* ni sentensi nzuri, na inaweza kukufikisha polisi. *Kamba imekatika kwa makusudi* inachekesha, kwa sababu makusudi yanahitaji mwenye nia, na kamba haina nia. Jaribio hili silifanyi kwa vitabu, nalifanya kwa sikio, tena kwa sauti ya chini mbele ya mteja, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayesema, "Hapo hapana."

Umeme umekatika, umekatwa, umeisha

Mfano ulio karibu na kila mtu ni wa umeme. Taa zikizimika ghafla kwenye safu yetu ya vibanda, mtu wa kwanza atapaza sauti: "Umeme umekatika!" Wote wanatulia, wengine wanatoa viti nje. Siku moja kijana wa kibanda cha jirani alisema, "Umeme umekatwa." Watu wakageuka kumtazama, mmoja akauliza, "Nani hajalipa?" Hakuna aliyemfundisha yule muulizaji sarufi. Sikio lake liliisikia *-w-*, likajua kuna mkono uliokata, na mkono haukati bure. Na kama ni LUKU tu iliyokwisha, hatusemi lolote kati ya hayo mawili. Tunasema *umeme umeisha*.

Angalia jambo moja hapo. Umeme ukikatwa na mafundi wanaobadilisha nguzo barabara ya pili, kwa hakika yupo mtu aliyekata. Hata hivyo sisi tulioko vibandani tunasema *umekatika*, na hatusemi uongo. Tunasema tulichokiona: ulikuwepo, sasa haupo. Kuchagua *-w-* au *-ik-* hakuamuliwi na ukweli wa dunia peke yake, bali pia na mahali aliposimama msemaji. Fundi mwenyewe akijaza ripoti yake hawezi kuandika *umeme ulikatika saa nne*, kama aliukata yeye. Ataandika *ulikatwa saa nne ili kubadilisha nguzo*. Na hapo kuna jaribio la tatu: *ili* ya kusudio hupatana na *-w-*, lakini huikataa *-ik-*. *Umeme ulikatika ili nguzo ibadilishwe* inaufanya umeme uonekane umejitolea.

Mitaani, tukitaka kusema kuna mtu aliyefanya, mara nyingi hatuitumii hata hiyo *-w-*. Tunasema *wamekata umeme*, *wamefunga barabara*, bila kusema hao "wa-" ni akina nani. Ni njia ya nne, na kwenye mazungumzo ndiyo inayotamba. Kwenye barua haifai, kwa kuwa msomaji atauliza akina nani, na hutakuwepo kumjibu.

"Na" ya mtendaji na "kwa" ya kifaa

Ukishachagua *-w-*, bado hujamaliza, kwa sababu si kila kinachofuata kinastahili *na*. *Na* humtambulisha aliyefanya, na *kwa* hutambulisha alichofanyia. *Waya umekatwa na kijana kwa koleo*: kijana kakata, koleo kasaidia.

Mtendaji si lazima awe mtu wala mnyama. Kiswahili hakioni taabu kuyapa maumbile nafasi hiyo: *paa limeezuliwa na upepo*, *mahindi yamekaushwa na jua*, *tulinyeshewa na mvua njiani*. Hata hali za mwili hukaa hapo, kama *ameshikwa na usingizi* au *amezidiwa na kiu*. Kinachotazamwa ni kama jambo limetokana na kile kitu chenyewe, au kile kitu kilishikwa na mwingine.

Ndiyo maana *amepigwa na jiwe* na *amepigwa kwa jiwe* si habari moja. Ya kwanza, jiwe limeporomoka mlimani, na hapa kwetu mawe makubwa ya vilimani si hadithi. Ya pili, kuna mtu alilirusha. Niliwahi kuchapa maelezo ya kijana aliyeandika *nilipigwa na jiwe* akimaanisha alirushiwa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kwa maneno haya umemfutia kosa aliyekurushia, umelishtaki jiwe." Tukabadilisha: *nilipigwa kwa jiwe na mtu niliyemtambua kwa sauti*. Humo *kwa* imetumika mara mbili na *na* mara moja, na kila moja iko mahali pake.

Na je, ukitaka kutaja chanzo huku umebaki na *-ik-*? Inawezekana, ila chanzo kitaingia kwa mlango mwingine: *kwa sababu ya*, *kutokana na*, au *baada ya*. *Ukuta umebomoka kutokana na mvua* ni sentensi safi. Hiyo *na* ni sehemu ya *kutokana na*. Si *na* ya mtendaji, na mvua humo ni sababu. Linganisha na *ukuta umebomolewa na mvua*, ambamo mvua imepewa mikono. Zote mbili ni sahihi. Mimi hutumia ya kwanza kama ukuta ulikuwa mbovu tangu zamani na mvua imemalizia tu, na ya pili kama maji yalikuja kwa nguvu yakauondoa ukuta uliokuwa mzima.

Upande wa pili wa -ik-: kuwezekana

Mpaka hapa nimeizungumzia *-ik-* ikiwa na *-me-*, yaani hali iliyokwisha kutokea. Ina kazi ya pili ambayo *-w-* haiwezi kuifanya kamwe, nayo ni kusema kama jambo linawezekana. Hapa kiashiria cha wakati hubadilika, mara nyingi huwa *-na-* au ukanushi.

Visima vingi vya mkoa huu vina maji ya chumvi. Ukisema *maji haya hayanyweki*, unasema hayawezi kunyweka, ulimi unakataa. Ukisema *maji haya hayanywewi*, unasema watu hawayanywi, lakini hukusema kwa nini. Huenda ni matamu kabisa, ila yametengwa kwa ajili ya mifugo. Mgeni akikuta kibao kimeandikwa *hayanywewi* ataelewa ni utaratibu. Akikuta *hayanyweki*, ataonja kidogo tu kwa udadisi, ateme, asadiki.

Jozi ninayoipenda zaidi ni ya dirisha la ofisi. *Dirisha hili halifunguki*: bawaba zina kutu, hata uvute vipi. *Dirisha hili halifunguliwi*: linafunguka vizuri sana, ila mwenye ofisi hataki vumbi. Kwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba na wa nane namwelewa. Vivyo hivyo *mwandiko wake hausomeki* ni lawama kwa mkono wake, na *barua zake hazisomwi* ni lawama kwa wanaoletewa.

Kazi hizi mbili za *-ik-* zinaeleza jambo linalowatatiza wengi: kwa nini vitenzi vingine vinaikubali *-ik-* nusu tu. Huwezi kusema *baiskeli yangu imeibika*. Hakuna wizi unaojitokea wenyewe. Lazima awepo mwizi, kwa hiyo ni *imeibwa*, au kama unamzungumzia mwenye mali, *nimeibiwa baiskeli*. Lakini *baiskeli hii haiibiki kirahisi, nimeifunga mnyororo* inapita vizuri, kwa sababu hapo unazungumzia uwezekano, na uwezekano haujali kama mwizi yupo au hayupo. Kwa hiyo ukitaka kuandika *-ik-* pamoja na *-me-*, jiulize kama jambo lenyewe linaweza kutokea pasipo mkono wa mtu. Kioo, kamba, ukuta, maziwa na mipango vinaweza. Kuiba, kupiga na kuua haviwezi.

Mzee aliandika *zabibu zimelika*. *Kula* ina *-lika* kweli, lakini ikiambatana na *-me-* hutumika kwa kitu kilichoisha kidogokidogo kwa kutumika, kama soli ya kiatu iliyolika au sabuni iliyolika. Zabibu za mzee hazikuisha kwa kusuguliwa. Ziliingia tumboni mwa ng'ombe, na tendo hilo lina mlaji. *Zimeliwa.*

Maumbo, kwa kifupi

Sitakaa sana hapa, maana mwenye lugha huyapata mengi kwa sikio. Mzizi ukiishia kwa konsonanti, *-w-* kwa kawaida huingia moja kwa moja, ila vitenzi vya mkopo kama *haribu* huchukua *-iw-*. Ukiishia kwa *a*, *o* au *u*, mara nyingi huja na *-liw-* au *-lew-*, na ukiishia kwa *i* au *e*, *-w-* hutosha, kama *tumiwa* na *egemewa*. *-ik-* hugeuka *-ek-* mzizi ukiwa na *e* au *o*. Vitenzi vinavyoishia *-ua* na *-oa* mara nyingi huchukua *-k-* tupu. Halafu kuna kundi linalokosewa sana: vitenzi vyenye *-sh-* au *-z-* ya kusababisha. Hivi kwa kawaida haviendi *-ik-*, vinarudi kwenye kitenzi cha asili.

| Tendo | Na mtendaji | Hali tupu |
|---|---|---|
| haribu | imeharibiwa na ng'ombe | imeharibika |
| fungua | limefunguliwa na mlinzi | limefunguka |
| bomoa | umebomolewa na mafuriko | umebomoka |
| soma | imesomwa na karani | inasomeka |
| mwaga | yamemwagwa na mtoto | yamemwagika |
| angusha | imeangushwa na upepo | imeanguka |
| poteza | umepotezwa na mtunza stoo | umepotea |

Safu ya mwisho ya *angusha* na *poteza* haina *-ik-* yoyote. Wanaoandika *imeangushika* wamelazimisha, ilhali *anguka* ilikuwepo tangu awali. *Choma* nayo ina desturi yake: *nyumba imechomwa* ni habari ya kesi, lakini nyumba iliyoshika moto kwa hitilafu *imeungua*. Na usidhani kila *-ika* ya mwisho ni kutendeka. *Andika*, *zika*, *pika* na *shika* ni matendo kamili yenye mtendaji wake, hiyo *-ik-* imo kwenye mwili wa neno.

Kuna pia ndugu yao mrefu, *-ikana* na *-ekana*: *patikana, onekana, julikana, wezekana*. Humu sheria ya *na* inalegea. *Anajulikana na watu wengi* husemwa kila siku na sioni sababu ya kumsahihisha mtu. Nadhani inavumilika kwa kuwa anayejua hafanyi kitu kwa anayejulikana. Hakuna pigo wala mkwaruzo. Lakini nikiandika rasmi bado nasema *anafahamika miongoni mwa watu wengi*, ili *na* yangu ibaki na kazi moja.

Mahali -ik- inapotumika kujificha

Vikundi vya kuweka na kukopa huniletea taarifa za mwezi nizichape, na ndani yake *-ik-* imejaa kama mchanga: *fedha zilitumika*, *makosa yalifanyika*, *risiti hazikupatikana*, *uamuzi ulifikika*. Hili la mwisho siku hizi nalikataa bila hata kuuliza, naweka *uamuzi ulifikiwa*.

*Fedha zilitumika shilingi 180,000 kwa ununuzi wa saruji.* Sentensi ni sahihi kisarufi. Swali la mwanachama aliyekaa nyuma ni moja: zilitumiwa na nani? Mweka hazina akiambiwa abadilishe aandike *zilitumiwa na*, hapo ndipo kalamu inaposita. Wakati mwingine anasita kwa haki, maana aliyenunua ni mtu mmoja na aliyeidhinisha ni mwingine, na *na* inadai jina la mmoja. Basi tunaandika kwa vitenzi viwili: *zilitolewa na mweka hazina, zikatumiwa na fundi mkuu*. Ila kuna mtego hapa. *Tumiwa* ina maana mbili, ya kutumia kitu na ya kumtumia mtu kitu, yaani kumpelekea. *Fundi alitumiwa fedha* ni kwamba fundi alipelekewa, *fedha zilitumiwa na fundi* ni kwamba fundi alizitumia. Kwa taarifa za fedha mimi huandika *fundi alipelekewa* nikimaanisha ya kwanza, ugomvi uishe.

Sisemi *-ik-* ni ya wanaoficha. Mkutano *uliofanyika* Jumamosi hauna cha kuficha, na hakuna haja ya kuandika *uliofanywa na wajumbe*, kwani nani mwingine angeufanya? Pale ambapo mtendaji anajulikana na wote au hana uzito, *-ik-* inaokoa maneno. Tatizo ni pale ambapo msomaji anamhitaji mtendaji na mwandishi anajua hivyo.

Tukarudi kwenye barua

Nilimweleza mzee haya kwa ufupi zaidi ya nilivyoyaandika hapa, kisha tukaipitia barua mstari kwa mstari.

Mizabibu, rahisi: *imeharibiwa na ng'ombe wa jirani yangu*. Aliniuliza kwa nini tusiandike tu *ng'ombe wa jirani wameharibu mizabibu yangu*. Swali zuri, na hilo nalo lingefaa. Nilipendelea kutendwa kwa sababu barua ni ya mizabibu. Mtendaji wa kijiji akisoma anakutana kwanza na mali iliyoharibiwa, ambayo ndiyo inayodaiwa fidia, halafu anakutana na mharibifu.

Nguzo zikatuchelewesha. Nilimuuliza, "Nguzo zote nne zimevunjwa na ng'ombe, mzee?" Akakaa kimya kidogo. "Tatu. Ya nne mchwa walikuwa wameshaimaliza. Hiyo ilivunjika yenyewe wiki iliyopita." Hapo hakuhitaji somo, alisema *ilivunjika yenyewe* bila kufikiri, akazitenganisha nguzo zake kwa usahihi kuliko alivyoandika. Nikamshauri ya nne tuiondoe. Ukidai nguzo nne kwa *zimevunjwa na*, na jirani akaonyesha moja imeliwa na mchwa, zile tatu nazo zitatiliwa shaka.

Waya. "Uliuona ulivyokatika?" Alikuwa amekuja na kipande mfukoni. Mwisho mmoja ulikuwa na kutu na umenyongeka, hauna alama ya koleo. Kama ungekuwa na mkato safi, ningeandika *umekatwa*, bila *na*, kwa kuwa tungejua kuna aliyekata ila hatumjui. Kwa waya ule *umekatwa* ingekuwa kusingizia. Lakini *umekatika* peke yake ingempa jirani njia ya kusema kutu ndiyo iliyoumaliza. Tukaacha *-ik-* na kuleta chanzo kwa kitenzi kingine: *umekatika baada ya kuegemewa nao*. *Kuegemewa* kunataka mwegemeaji, na *nao* inawarudisha ng'ombe mahali pao.

Barua ikatoka hivi:

> Ndugu Mtendaji wa Kijiji, nakuarifu kwamba usiku wa kuamkia Jumapili mizabibu yangu imeharibiwa na ng'ombe wa jirani yangu, ambao niliwakuta shambani alfajiri. Nguzo tatu zimevunjwa na ng'ombe hao. Waya wa mstari wa pili umekatika baada ya kuegemewa nao. Zabibu za mistari miwili zimeliwa, na vichala vilivyobaki vimekanyagwa. Naomba shamba likaguliwe na afisa ugani kabla sijaondoa mabaki, kisha nilipwe fidia.

*Zimeliwa* na *vimekanyagwa* tumeziacha bila *na*. Ng'ombe wameshatajwa mara mbili, na kumwandikia mtu *na ng'ombe* kila mstari ni kumfanya msomaji aone unapiga kelele. Nafasi ya mtendaji imo ndani ya *-w-*, na msomaji anaijaza mwenyewe kwa aliyekwisha kumjua.

Mzee akaweka sahihi, akalipa, akaondoka na basi la saa nane.

Kama wiki moja baadaye akaja mtu mwingine kutoka upande uleule, mwenye fimbo na koti la mvua, akitaka kuchapiwa majibu ya barua aliyoipata kwa mtendaji wa kijiji. Nilivyoanza kusoma nikaijua kesi. Alikuwa ameandika: *Mlango wa zizi ulifunguka usiku na ng'ombe wakatoka.*

Nikamuuliza, "Mzee, ulifunguka au ulifunguliwa?"

Akanitazama, akatazama nje kwenye jua, akatabasamu.

"Wewe andika ulifunguka."

Nikaandika. Barua ilikuwa yake.